Zoezi la Redoksi: Namba za Oksidisho, Nusu Milinganyo, Kioksidishaji na Kipunguzaji

Kemia, Kidato cha Tano. Muda: dakika 80. Alama: 50.

Jibu maswali yote. Kikokotoo kinaruhusiwa. Jedwali la elementi halihitajiki: uzito wa atomi unaotakiwa umetolewa ndani ya swali. Onyesha hatua zako, kwani jibu sahihi lisilo na njia linapata nusu ya alama.

Kabla ya kuanza

Elementi ikiwa peke yake (Zn, O₂, S₈) namba yake ya oksidisho ni 0. Ayoni ya atomi moja ina namba iliyo sawa na chaji yake. Florini ndani ya kampaundi ni −1 daima. Haidrojeni ni +1, isipokuwa inapoungana na metali peke yake, ambapo huwa −1. Oksijeni ni −2, lakini kwenye peroksidi ni −1, na ikiungana na florini inalazimika kuwa chanya. Ukijumlisha namba zote za kampaundi unapata 0, na ukijumlisha za ayoni unapata chaji ya ayoni hiyo.

Namba ikipanda, elementi imeoksidishwa, yaani imepoteza elektroni. Ikishuka, imepunguzwa, yaani imepata elektroni. Kioksidishaji ni kile kinachonyang'anya wengine elektroni, kwa hiyo chenyewe ndicho kinachopunguzwa. Kipunguzaji hutoa elektroni na chenyewe kinaoksidishwa. Hapa ndipo alama nyingi hupotea: mwanafunzi anaona zinki imeoksidishwa, anaandika zinki ndiyo kioksidishaji. Ni kinyume chake.

Jambo la pili: unapotaja kioksidishaji, taja kitu kizima kilichotiwa kwenye chupa, si atomi iliyobadilika namba. Andika MnO₄⁻ au potasiamu permanganeti, usiandike "Mn".

Mfano uliofanywa

Myeyusho wa potasiamu permanganeti unadondoshwa kwenye myeyusho wa chuma(II) salfeti uliotiwa asidi ya salfuriki. Rangi ya zambarau inapotea kila tone linapoingia, mpaka chuma(II) chote kiishe. Tone linalofuata hapo linaacha uwaridi hafifu usioondoka.

Manganizi ndani ya MnO₄⁻: x + 4(−2) = −1, hivyo x = +7. Mwishoni ni Mn²⁺, yaani +2. Imeshuka kwa 5, basi imepokea elektroni 5. Chuma kimetoka +2 kwenda +3: kimetoa elektroni 1.

Nusu mlinganyo wa permanganeti tunaujenga kwa mpangilio huu. Atomi za Mn ziko sawa, moja kila upande. Kushoto kuna oksijeni 4, kwa hiyo tunaweka H₂O 4 kulia. Sasa kulia kuna haidrojeni 8, tunaweka H⁺ 8 kushoto. Chaji ya kushoto ni +8 − 1 = +7 na ya kulia ni +2; elektroni 5 kushoto zinasawazisha:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Nusu ya pili:

Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻

Elektroni zilizotolewa lazima zilingane na zilizopokelewa, basi mlinganyo wa chuma unazidishwa kwa 5 na kujumlishwa na ule wa kwanza:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5Fe²⁺ → Mn²⁺ + 4H₂O + 5Fe³⁺

Hakiki chaji: kushoto −1 + 8 + 10 = +17; kulia +2 + 15 = +17. Kioksidishaji ni MnO₄⁻, kipunguzaji ni Fe²⁺. H⁺ ipo kwenye mlinganyo lakini haidrojeni ni +1 kote kuwili, kwa hiyo haina jina lolote kati ya hayo mawili. (Asidi ya haidrokloriki haitumiki hapa, kwa sababu permanganeti ingeoksidisha pia Cl⁻ kuwa klorini na kipimo chako kingezidi.)

SEHEMU A

1. Tafuta namba ya oksidisho ya elementi iliyotajwa. (alama 10)

(a) S katika H₂SO₄
(b) S katika Na₂S₂O₃
(c) Mn katika MnO₂, unga mweusi ulio ndani ya betri kavu
(d) Cr katika K₂Cr₂O₇
(e) N katika NH₄⁺
(f) O katika H₂O₂
(g) H katika CaH₂
(h) Cl katika NaClO, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe
(i) I katika KIO₃
(j) Fe katika Fe₃O₄

2. Mbolea ya amonia naitreti ni NH₄NO₃. Mwanafunzi mmoja ameweka x kwa naitrojeni zote mbili, akapata 2x + 4 − 6 = 0, yaani x = +1. Hesabu yake ya kujumlisha ni sahihi. Eleza kwa nini jibu lake halifai, kisha toa namba ya kila naitrojeni. (alama 3)

SEHEMU B

3. Sema kila mmenyuko kama ni wa redoksi au si wa redoksi. Kwa ule wa redoksi, taja kioksidishaji na kipunguzaji. Usidanganywe na moshi, mashapo wala rangi, kokotoa namba. (alama 9)

(a) Mawe ya chokaa yanachomwa tanurini: CaCO₃ → CaO + CO₂
(b) Tanuri la kuyeyushia chuma: Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂
(c) Mashapo meupe yanajitokeza: AgNO₃ + NaCl → AgCl + NaNO₃
(d) Klorini inapitishwa kwenye alkali baridi: Cl₂ + 2NaOH → NaCl + NaClO + H₂O
(e) Myeyusho wa njano unageuka rangi ya chungwa: 2CrO₄²⁻ + 2H⁺ → Cr₂O₇²⁻ + H₂O
(f) Mapovu yanatoka: 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂

SEHEMU C

4. Karatasi iliyoloweshwa myeyusho wa potasiamu daikromati wenye asidi hubadilika kutoka rangi ya chungwa kuwa kijani inapokutana na gesi ya salfa dayoksaidi. Cr₂O₇²⁻ imekuwa Cr³⁺, na SO₂ imekuwa SO₄²⁻.

(a) Andika nusu mlinganyo wa daikromati. (alama 3)
(b) Andika nusu mlinganyo wa salfa dayoksaidi. (alama 2)
(c) Unganisha hizo mbili, ufute kinachojirudia pande zote. (alama 3)
(d) Taja kioksidishaji na kipunguzaji. (alama 2)

5. Kwenye migodi ya dhahabu, mwamba uliosagwa huchanganywa na myeyusho wa sayanidi huku hewa ikipulizwa ndani:

4Au + 8CN⁻ + O₂ + 2H₂O → 4[Au(CN)₂]⁻ + 4OH⁻

(a) Ukichukua CN kama kundi lenye chaji −1, tafuta namba ya oksidisho ya dhahabu ndani ya [Au(CN)₂]⁻. (alama 1)
(b) Andika nusu milinganyo miwili. (alama 4)
(c) Taja kioksidishaji na kipunguzaji, na useme sayanidi inafanya kazi gani. (alama 2)
(d) Njia mojawapo ya kuirudisha dhahabu ni kutia unga wa zinki: 2[Au(CN)₂]⁻ + Zn → 2Au + [Zn(CN)₄]²⁻. Kipunguzaji hapa ni kipi? (alama 1)

6. Chumvi ya mezani huongezwa madini joto kwa njia ya potasiamu ayodeti, KIO₃. Ili kupima kiasi chake, gramu 10.0 za chumvi ziliyeyushwa kwenye maji, ikatiwa asidi ya salfuriki na ziada ya potasiamu ayodidi. Myeyusho ukawa wa njano kwa sababu ya I₂ iliyotokea.

(a) Andika nusu mlinganyo wa IO₃⁻ kuwa I₂ ndani ya asidi. (alama 3)
(b) Andika nusu mlinganyo wa I⁻ kuwa I₂. (alama 1)
(c) Unganisha, urahisishe mpaka namba ndogo kabisa. (alama 2)
(d) Taja kioksidishaji na kipunguzaji. (alama 1)
(e) I₂ ilitaitreshiwa kwa sodiamu thayosalfeti ya 0.00500 mol/dm³. Njano ilipofifia uliongezwa wanga, ukatokea mchanganyiko wa buluu-nyeusi, na rangi hiyo ilipotea baada ya jumla ya sm³ 4.20 za thayosalfeti. Mmenyuko ni I₂ + 2S₂O₃²⁻ → 2I⁻ + S₄O₆²⁻. Kokotoa miligramu za ayodini zilizomo kwenye kilo 1 ya chumvi hiyo, kwa umbo la ayodeti. (I = 127) (alama 3)

MAJIBU

1. (a) +6 (b) +2 (c) +4 (d) +6 (e) −3 (f) −1 (g) −1 (h) +1 (i) +5 (j) +8/3.

Sehemu kwenye (j) isikutie wasiwasi. Ni wastani: katika kila atomi tatu za chuma, moja ni +2 na mbili ni +3. Aliyeandika hivyo naye apewe alama.

2. Naitrojeni hizo mbili zimo kwenye ayoni tofauti na hazifanani, kwa hiyo +1 ni wastani usioeleza hata moja. Tenganisha NH₄⁺ na NO₃⁻. Ya kwanza: x + 4 = +1, x = −3. Ya pili: x − 6 = −1, x = +5.

3. (a) Si redoksi. Ca +2, C +4, O −2 kote. (b) Redoksi. Fe +3 → 0, C +2 → +4. Kioksidishaji Fe₂O₃, kipunguzaji CO. (c) Si redoksi. Ayoni zimebadilishana wenza tu. (d) Redoksi. Cl ya 0 imegawanyika: moja imeshuka −1, nyingine imepanda +1. Cl₂ ndiyo kioksidishaji na ndiyo kipunguzaji. (e) Si redoksi. Cr ni +6 kabla na baada, ingawa rangi imegeuka. (f) Redoksi. O ya −1 imekwenda −2 kwenye maji na 0 kwenye O₂. H₂O₂ ni vyote viwili.

4. (a) Cr₂O₇²⁻ + 14H⁺ + 6e⁻ → 2Cr³⁺ + 7H₂O

Kosa la kawaida ni kuandika elektroni 3. Kila Cr imeshuka kutoka +6 hadi +3, lakini ziko mbili.

(b) SO₂ + 2H₂O → SO₄²⁻ + 4H⁺ + 2e⁻

(c) Zidisha (b) kwa 3. H⁺ 14 kushoto zinakutana na 12 kulia, zinabaki 2. Maji 6 kushoto yanakutana na 7 kulia, yanabaki 1:

Cr₂O₇²⁻ + 3SO₂ + 2H⁺ → 2Cr³⁺ + 3SO₄²⁻ + H₂O

(d) Kioksidishaji Cr₂O₇²⁻, kipunguzaji SO₂.

5. (a) x − 2 = −1, x = +1.

(b) Au + 2CN⁻ → [Au(CN)₂]⁻ + e⁻
O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

(c) Kioksidishaji ni O₂, kipunguzaji ni Au. Wengi huandika CN⁻ kwa kuwa ndiyo kemikali inayosifika mgodini, lakini C na N hazibadiliki namba. Kazi ya sayanidi ni kuifunga ayoni ya dhahabu ibaki imeyeyuka. Bila hiyo, oksijeni ya hewa haiwezi kuoksidisha dhahabu.

(d) Zn, 0 → +2.

6. (a) 2IO₃⁻ + 12H⁺ + 10e⁻ → I₂ + 6H₂O

(b) 2I⁻ → I₂ + 2e⁻

(c) Zidisha (b) kwa 5, jumlisha, gawanya kwa 2:

IO₃⁻ + 5I⁻ + 6H⁺ → 3I₂ + 3H₂O

(d) Kioksidishaji IO₃⁻ (I +5 → 0), kipunguzaji I⁻ (I −1 → 0). Elementi ileile imekuja kutoka pande mbili ikakutana kwenye 0, kinyume cha swali la 3(d).

(e) Moli za thayosalfeti = 0.00500 × 4.20 ÷ 1000 = 2.10 × 10⁻⁵. IO₃⁻ 1 huzaa I₂ 3, na hizo hutumia S₂O₃²⁻ 6. Moli za ayodeti = 2.10 × 10⁻⁵ ÷ 6 = 3.50 × 10⁻⁶. Uzito wa ayodini = 3.50 × 10⁻⁶ × 127 = 4.445 × 10⁻⁴ g, yaani mg 0.4445 kwenye gramu 10. Kwa kilo 1: mg 44.5.

Aliyegawanya kwa 2 badala ya 6 atapata mg 133: amechukua kana kwamba IO₃⁻ 1 huzaa I₂ 1, kumbe huzaa 3, kwa kuwa sehemu kubwa ya ayodini hiyo imetoka kwenye ayodidi aliyoitia mwenyewe. Apewe alama 1 ya moli za thayosalfeti.