Ubavu wa Kushoto

Saa tatu na nusu usiku Tatu alikuwa ameshafunika cherehani, kufuli liko mkononi, bajaji ikasimama mbele ya kibanda. Akashuka mwanamke wa makamo, mfuko mkubwa wa nailoni kaupakata kama mtoto aliyelala. Nyuma yake binti kajitanda khanga, yamebaki macho tu.

"Fundi yupo?"

"Shikamoo, shangazi. Fundi kaenda Muheza msibani. Keshokutwa ndiyo anarudi."

"Keshokutwa!" Mama yule akaguna. "Ndoa ni kesho alasiri. Wewe si mwanafunzi wake? Hebu tazama."

Shela likatandazwa mezani. Ubavu wa kushoto, kuanzia kwapani hadi nyongani, ulikuwa wazi kama samaki aliyepasuliwa akaanikwe.

"Mwezi mzima nasema na huyu. Rehema, punguza wali. Rehema, acha maandazi. Masikio kaweka pamba. Leo kavaa tumwone, kainama afunge kiatu, likasema traaa! Mbele ya mawifi zake. Nimeaibika mimi."

Rehema hakujibu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akawa anavuta uzi mmoja mmoja kwenye pindo la khanga.

Tatu aliisogeza taa. Miezi minane kwa fundi ilikuwa imemfundisha jambo moja kabla ya mengine: nguo iliyopasuka inasema yenyewe kilichoipasua. Mwili ukizidi nguo, kitambaa huvutika kwanza. Matundu ya sindano hutanuka yakawa marefu, na satini huchoka pembeni mwa mshono. Akapitisha kucha. Matundu yalikuwa madogo, ya mviringo, kama yametobolewa leo. Satini ilikuwa nzima, isipokuwa karibu na zipu ambapo ilichanika kama inchi mbili, pengine walipokuwa wakimvua kwa pupa. Uzi ndio uliofumuka. Ulianzia juu, kwapani, mahali ambapo mshoni alitakiwa kurudi nyuma hatua tatu nne ili aufunge mshono, asirudi.

Na hatua zenyewe zilikuwa ndefu.

Aliukumbuka ule usiku. Mvua ilikuwa imetanda, fundi anatoka kwenda kuswali isha. "Malizia ubavu huo, ukaze." Naye akasogeza kitasa hadi namba 4 ili amalize haraka, awahi daladala. Fundi aliporudi, shela lilikuwa limeshatundikwa, na kwa nje lilipendeza.

"Simama kidogo, dada," alimwambia Rehema. Akamzungushia futi kamba kiunoni, kisha akafungua daftari la vipimo. Daftari lilisema 34. Kamba nayo ikasema 34, tena ikalegea kidogo.

"Umekula nini leo?"

"Chai ya rangi," Rehema alinong'ona.

Shangazi alikuwa ameshatoka barazani, anaongea na simu.

Kazi ilianza kwa kufumua. Tatu alitoa uzi wote wa zamani kwa ncha ya wembe, hata pale uliposhika, maana mshono mbovu haupachikwi kiraka cha mshono mzuri. Akapiga bandi kwa mkono, kitambaa kisiteleze. Satini inateleza kama sabuni. Akarudisha kitasa namba 2, akajaribu kwanza kwenye kipande cha bitana, akavuta kwa nguvu zake zote. Hakikufumuka. Ndipo akakanyaga, polepole. Kwapani akarudi nyuma mara mbili.

Palipochanika hapakuwa pa cherehani. Alitia kipande cha bitana kwa ndani, akashona kwa mkono kwa sindano nyembamba, hatua hazionekani kama huzitafuti. Kisha akang'oa ua moja la leisi kwenye mkia wa shela, upande ambao hakuna mpiga picha atakayeuangalia, akalihamishia juu ya kovu. Lilikaa kana kwamba lilizaliwa hapo. (Fundi angeliona. Fundi huona kila kitu, isipokuwa usiku ule wa mvua.)

Muadhini wa alfajiri alimkuta anapiga pasi, kitambaa cheupe kimetandazwa juu ili satini isiungue. Rehema alivaa. Akainama hadi chini, akagusa vidole vya miguu, akainuka. Kimya. Akainama tena, safari hii anacheka.

Shangazi, macho mekundu kwa usingizi wa barazani, alifungua pochi akatoa noti mbili za elfu kumi. "Mungu akubariki, mwanangu. Na wewe Rehema, mpaka leo usiku hugusi kitu, umesikia?"

Tatu alizitazama zile noti. Zilikuwa nauli ya wiki mbili na ushee.

"Shangazi, sipokei," alisema. "Hakunenepa. Nimempima, yuko vilevile kama daftarini. Ubavu huu niliushona mimi, sikuukaza."

Bajaji ilikuwa inanguruma nje. Shangazi alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama Tatu kuanzia kilemba hadi kandambili. Noti zikarudi kwenye pochi, zipu ikafungwa kwa kishindo.

"Fundi wako nitamwambia."

"Mwambie, shangazi. Na mimi nitamwambia."

Rehema alikuwa ameshapanda. Alitoa kichwa nje ya bajaji.

"Shangazi, yale maandazi ya jana bado yapo?"