Huna dhamira ya kitabu chako cha kwanza? Chagua mradi mmoja hapa uanze nao

Mdogo wangu nimesoma ujumbe wako wote, umesema una miezi minne tangu ununue daftari na ukurasa wa kwanza una tarehe tu, kila ukikaa unajiuliza kitabu kitahusu nini, haki au mapenzi au utu, alafu unafunga. Mi naona hapo ndo ulipojifunga. Dhamira mara nyingi unaikuta ukishaandika kurasa 60 ukarudi kusoma, ndo unashtuka kumbe muda wote ulikuwa unaandika kuhusu mtu anayeogopa kusahaulika. Kwa hiyo we tafuta kitu cha kuanzia, hiyo dhamira itajileta.

Wazo ninalolipenda kuliko yote ni la nyumba moja. Chagua nyumba, hata ya kufikirika, alafu andika watu sita waliowahi kuishi humo kwa miaka tofauti, kila mmoja chapta yake. Wa kwanza anajenga, wa pili anapanga chumba, wa tatu anazaliwa humo, wa mwisho anakuja kuibomoa. Uzuri wake ni kwamba kila chapta ni hadithi fupi inayojitegemea, ukikwama kwa mpangaji unaruka kwa mbomoaji, na nyumba yenyewe inazishika zote pamoja. Weka vitu vinavyobaki, mfano mlango usiofunga vizuri au jina limekwaruzwa ukutani, mmoja anakwaruza na mwingine miaka 30 baadae analiona na hajui la nani. Msomaji anajua ila mhusika hajui, na hapo ndo moyo wa msomaji unashikwa bila we kuhubiri chochote.

Kama nyumba haikuvutii fanya barua. Mama anamwandikia mtoto aliyeondoka bila kuaga, barua 20, hazijatumwa hata moja. Kwa mtu anayeanza barua inasaidia sana sababu sauti ni moja na unajua anaongea na nani, lugha inakuja yenyewe kama ya mdomoni. Ila angalizo, mama asielezee vitu ambavyo mtoto tayari anavijua, usimwandikie eti “kama unavyojua baba yako alikuwa fundi”, hapo msomaji anaona unamwambia yeye. Mwache mama aseme tu “nyundo za baba yako bado ziko chini ya kitanda”, inatosha kabisa.

La tatu ni usiku mmoja. Watu watano wamekwama sehemu moja hadi asubuhi, gari limeharibika au mvua imekata njia, na mmoja wao ana kitu anachoficha. Muda mfupi unakubana vizuri, huwezi kupotea kwenye historia ya miaka 20 ya kila mtu.

Alafu kuna la methali, unachukua methali kumi na kila moja unaiandikia hadithi inayoipinga. Haraka haraka haina baraka, sawa, we andika mtu aliyeokoka kwa sababu aliharakisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, andika aliyeficha na kuficha kwake kukawalinda wenzake. Au chukua ngano uliyosimuliwa utotoni uisimulie upande wa fisi, maana yeye hajawahi kuulizwa.

Ukisoma hayo yote na bado hakuna linalokugusa, kaa dakika 15 uorodheshe maswali ambayo kwenu hakuna anayeyajibu. Kwa nini shangazi hakuolewa tena, kwa nini ile picha imekatwa upande mmoja. Chagua moja alafu lijibu kwa uongo, yaani tunga jibu, badili majina na mazingira ili usimuumize mtu, na usitafute ukweli kwanza maana ukiujua unaweza kukuzuia kutunga.

Kuhusu urefu usijitishe. Ukiandika maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki 40 unakuwa na maneno 60,000, hiyo ni riwaya nzima. Na hayo 300 ni kama ukurasa mmoja tu wa kuchapa. Drafti ya kwanza usiisahihishe sahihishe, songa mbele, ukikumbuka kitu cha kubadili nyuma andika pembeni “baadae” uendelee.

Kwa jinsi ulivyoandika, ile sehemu ulipomtaja bibi aliyekuwa anaficha funguo kwenye debe la unga, ningekuwa we ningeenda na nyumba na yeye ndo awe mtu wa kwanza. Funguo za nini? Kesho usiku andika ukurasa mmoja tu, anafungua debe, anapapasa, hazimo.