Upande wa Hasi

Umeme ulikatika saa saba usiku, na kwa kuwa mlinzi alihitaji karibu nusu saa kulishawishi jenereta liwake, meza ya kuchanganyia sauti ilikaa bila umeme kwa muda mrefu kuliko ilivyowahi kukaa kwa miaka mingi. Kompyuta ya muziki na kiungo cha kwenda mnarani vilikuwa na betri zao, kwa hiyo wasikilizaji waliendelea kupata nyimbo bila kujua lolote. Meza ilikuwa haina betri. Jenereta lilipowaka, taa zake ziliwaka upande mmoja tu, mshale wa kipimo cha kushoto ukaruka hadi mwisho na kubaki hapo, na spika zikatoa kishindo kimoja kabla ya Neema kuwahi kuzizima.

Alikuwa mwanagenzi wa zamu ya usiku, na zamu hiyo alipewa kwa sababu usiku hakukuwa na jambo la kumshinda. Fundi mkuu alikuwa safarini, umbali wa saa tano kwa gari. Alipopigiwa simu hakuuliza kama Neema ana hofu; aliuliza volti.

"Upande wa chanya kumi na tano kamili, Mzee. Upande wa hasi sifuri. Fyuzi yake imeungua."

"Weka nyingine ya ampea mbili, mara moja tu. Ikiungua tena, kuna kitu kimegusana na ardhi. Anza na kapasita."

Iliungua papo hapo. Saketi nyingi za meza ya namna ile hutegemea pande zote mbili, volti 15 chanya na volti 15 hasi, na upande mmoja ukipotea sauti haipiti hata kama taa zinawaka. Neema aliunganisha kompyuta moja kwa moja na kiungo cha mnarani ili muziki uendelee bila meza, akachomoa waya wa umeme, akafungua kifuniko cha chini na kuvaa taa ya kichwani, maana taa za studio zilikuwa zimezimwa ili kubana dizeli.

Kabla ya kugusa chochote alizimaliza chaji zilizobaki kwenye kapasita kubwa kwa kutumia kizuizi alichokishika kwa koleo yenye mpini wa plastiki. Kisha akapima, na multimita ikalia: kati ya njia ya hasi na ardhi kulikuwa na chini ya omu moja. Alichomoa mguu mmoja wa kila kapasita na kuzipima moja moja, zikawa nzima. Dayodi nne nazo zilikuwa nzima. Kilichosalia ni kidhibiti cha volti, kile kilichoandikwa 7915, kilichofungwa kwa bolti kwenye bati nene la aluminiamu la kupozea joto. Alipoyeyusha solda ya miguu yake mitatu na kukitoa pamoja na bolti yake, mlio wa multimita ulikoma.

Mtangazaji wa kipindi cha alfajiri aliingia wakati huo, akiwa amewahi kuliko kawaida kwa sababu ya giza la mtaani. Alikuwa mtu wa miaka mingi redioni, na alikuwa na dawa yake.

"Mdogo wangu, zamani tulikuwa tunafunga fyuzi kwa karatasi ya pakiti ya sigara. Taarifa inasomwa, mengine mtayaangalia mchana."

"Kaka, fyuzi ikishindwa kuungua itaungua transfoma, na transfoma ya meza hii hatuna. Nivumilie hadi saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja ndiyo naanza kusema."

"Ndiyo, Kaka."

Hakubishana zaidi, jambo ambalo pengine lilimgharimu. Aliketi kwenye kiti cha wageni akaanza kupanga karatasi zake kwa mwanga wa simu.

Ndani ya droo ya vipuri kulikuwa na 7915 moja mpya. Neema alikuwa ameshashika pasi ya solda, na ncha yake ilikuwa karibu na mguu wa kwanza, jenereta lilipokohoa na kuzimika. Mlinzi alikuwa anabadilisha dumu la dizeli. Pasi ikaanza kupoa mkononi. Kwa kuwa hakuwa na la kufanya, na multimita inatumia betri, alikichukua kidhibiti cha zamani akakipima peke yake mezani, mguu wa kuingizia dhidi ya mguu wa ardhi. Haikulia. Akageuza ncha za kupimia. Haikulia.

Basi kifaa alichokuwa anataka kukitupa hakikuwa na kosa. Njia ilikuwa imegusana na ardhi kidhibiti kilipokuwa kimefungwa kwenye bati, na ilipona kilipotoka. Tofauti ya hali hizo mbili ilikuwa bati lenyewe. Na hapo alikumbuka jambo ambalo fundi mkuu hupenda kuwategea wanagenzi: 7815, ile ya upande wa chanya, ina mgongo wa chuma ulioungana na ardhi, lakini mgongo wa 7915 umeungana na umeme unaoingia. Ya kwanza hufungwa kwenye bati bila wasiwasi. Ya pili lazima itenganishwe na bati kwa kipande cha mika, na bolti yake ipite ndani ya bushi ya plastiki.

Alimulika mika. Ilikuwa imetoboka karibu na tundu la bolti, mahali palipokuwa na doa jeusi, na kwenye ukingo wa tundu la bati, chini ya doa lile, kidole chake kilikwaruzwa na kijichembe cha aluminiamu kilichoachwa na keekee siku meza ilipotengenezwa. Kwa miaka yote hiyo bati lilikuwa la moto na kila kitu kimetulia mahali pake. Usiku huu lilipoa, likajikunja, kisha likapata moto tena, na hilo lilitosha. Kidhibiti kipya kingefungwa juu ya kijichembe hicho hicho na fyuzi ya mwisho ingeungua vilevile.

Jenereta liliporudi, Neema hakuharakisha kushika pasi. Alisugua ukingo wa tundu kwa msasa laini hadi kidole kikapita bila kukwama, akafuta vumbi la chuma kwa kitambaa chenye spiriti, akatoa mika nzima na bushi kwenye amplifaya mbovu iliyokuwa chini ya kabati, akapaka mafuta ya kupitisha joto pande zote mbili. Alirudisha kidhibiti kilekile cha zamani na kapasita zake. Kabla ya kuwasha alipima tena kati ya mgongo na bati: hakuna mlio. Akashusha vidhibiti vyote vya sauti, akaweka fyuzi, akawasha.

Hasi kumi na tano. Mshale wa kushoto ukashuka na kutulia.

Saa kumi na dakika hamsini mtangazaji alijaribu maikrofoni. "Moja, mbili," alisema, kisha akaongeza bila kumtazama, "ile karatasi ya sigara usimwambie mzee."

Fundi mkuu alipiga simu taarifa ya habari ikiwa katikati.

"Nimekusikia hewani. Umebadilisha 7915?"

"Hapana, Mzee. Ilikuwa nzima. Nimebadilisha mika."

Kimya kifupi. "Na mika ya 7815 umeikagua?"

"Haina mika, Mzee. Mgongo wake ni ardhi."

"Haya. Andika kwenye daftari, na ile 7915 mpya irudishe kwenye droo. Meza ya studio ya pili ilitoboliwa siku moja na hiyo. Nikifika tutaifungua."