Barua ya maombi ya shahada ya uzamivu: tando nyembamba za oksaidi ya vanadi chini ya hadubini ya elektroni

Neema J. Mushi
Ubungo, Dar es Salaam
14 Mei 2025

Mwenyekiti,
Kamati ya Masomo ya Uzamili na Uzamivu,
Idara ya Fizikia,
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam,
S.L.P. 35091,
Dar es Salaam.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAOMBI YA KUSOMA SHAHADA YA UZAMIVU KATIKA FIZIKIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba kupokelewa kusoma shahada ya uzamivu kwa njia ya utafiti na tasnifu, kuanzia mwaka wa masomo 2025/2026. Swali ninalokuja nalo ni hili: utando mwembamba wa vanadi dioksaidi ukichanganywa na tangsteni, tangsteni hiyo hukaa wapi? Imeenea ndani ya punje za fuwele, au imerundikana kwenye mipaka baina ya punje?

Kamati inaifahamu VO2 vizuri. Tangu Morin alipoieleza mwaka 1959 tunajua kwamba ikifika karibu nyuzi 68 za Selsiasi hugeuka kutoka hali ya nusu kipitishi na kuwa kama metali, na utando wake huanza kuzuia miale ya infraredi. Ndiyo maana inatamaniwa kwa vioo vya madirisha. Ila dirisha la Dar es Salaam halifiki nyuzi 68 hata mwezi Februari. Tangsteni huishusha joto hilo, lakini mara nyingi mgeuko wenyewe hulegea, ukatanda juu ya nyuzi nyingi badala ya kutokea kwa mkupuo. Nimeliona hilo kwenye sampuli zangu mwenyewe, na vipimo vya mwanga peke yake havikunieleza sababu.

Kwa shahada ya uzamili nilitengeneza tando 34 kwa spataringi ya magnetroni, nikitumia vanadi safi ndani ya agoni iliyochanganywa na oksijeni, juu ya vioo vilivyopashwa moto hadi nyuzi 450. Unene wake ulikuwa kati ya nanomita 80 na 150. Asiyewahi kuifanya kazi hii anaweza kudhani ugumu uko kwenye joto. Ugumu uko kwenye oksijeni. Ikipungua kidogo unapata V2O3, ikizidi kidogo unapata V2O5, na katikati kuna uchochoro mwembamba wa VO2. Miezi mitano ya kwanza nilikuwa nautafuta uchochoro huo, na tando 19 kati ya zile 34 ni za kipindi hicho. Zote nimezihifadhi na kumbukumbu zake, kwa sababu zile zilizokosea ndizo zilizonifundisha rangi: V2O5 huja na umanjano, na VO2 nzuri huwa ya kahawia ukiinua kioo dirishani.

Kila utando niliupima kwa difraksheni ya eksirei, kwa miale ya shaba yenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.15406. Katika tando nzuri kilele kikuu kilisimama karibu na nyuzi 27.9, yaani nafasi ya nanomita 0.320 baina ya safu (011) za atomi. Sura ya juu niliitazama kwa hadubini ya elektroni ya skani kwa kilovolti 5, kwa kuwa kioo hukusanya chaji na picha huanza kuhama ukipandisha volti.

Kisha nikapata wiki nane katika maabara moja nchini Afrika Kusini yenye hadubini ya elektroni za kupenya, ya kilovolti 200. Naomba kamati iniruhusu nisimulie wiki ya tatu, maana ndiyo iliyonifanya niwe mtafiti wa aina niliyo sasa.

Nilikuwa nimechonga sampuli ya ubavu wa utando, nikaisugua kwa mkono na kuimalizia kwa miale ya ayoni, na picha ya difraksheni ilitoka na pete safi. Pete ya ndani ilikuwa milimita 5.90 kutoka katikati. Kwa urefu wa kamera wa milimita 800 ulioandikwa kwenye skrini, hesabu ilinipa nanomita 0.340, na hiyo ni safu (110) ya V2O5. Nilihuzunika. Eksirei ilikuwa imeniambia VO2, na sasa elektroni zinasema kingine. Nikaanza hata kuandika kwenye daftari kwamba ayoni zimeuharibu utando.

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikaomba kipande cha utando wa dhahabu, nikakiweka mahali palepale, kwa kimo kilekile na lenzi zilezile. Pete ya dhahabu (111), ambayo nafasi yake ni nanomita 0.2355 na haina ubishi, ilipaswa kuwa milimita 8.52. Ilikuwa 8.01. Urefu halisi wa kamera ulikuwa milimita 752 tu. Nikarudia hesabu yangu ya jana, na ile 0.340 ikawa 0.320. Utando ulikuwa mzima tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeamini namba ya skrini bila kuipima. Tangu siku hiyo sifungui kikao cha difraksheni bila dhahabu, na nimeukata ule ukurasa wa daftari kwa mstari mmoja ili uendelee kusomeka.

Wiki mbili za mwisho nilitumia kishikio chenye kupasha moto. VO2 ya baridi ina nukta za ziada ambazo ile ya moto haina, kwa kuwa fuwele yake hujikunja na kipimo cha upande mmoja kuwa maradufu. Nilichagua punje mbili zinazogusana na kupandisha joto nyuzi moja moja. Kishikio kiliposoma 71, nukta za ziada za punje ya kwanza zilififia na kutoweka. Za jirani yake zilibaki ziking'aa, na zikaondoka kwenye 74. Punje mbili ndani ya utando mmoja, na kila moja ina wakati wake! Huo ulikuwa utando usio na tangsteni. Ninachotaka kukijua ni tofauti hiyo ya joto baina ya punje na punje itakuwaje tangsteni ikiingia.

Kuna jambo ambalo sijaliweza bado, na ni vyema kamati ilijue. Kuipata hali ya vanadi kwenye mpaka wa punje kunahitaji kupima nishati ambayo elektroni hupoteza zikipita, na hapo kingo za vanadi, karibu eV 513, zinasogeleana sana na ukingo wa oksijeni kwenye eV 532. Nimeona wengine wakizitenganisha. Mimi sijafanya kwa mkono wangu. Nimepanga mwaka wa kwanza wa masomo uwe wa kujifunza hilo, sambamba na kutengeneza tando mpya zenye tangsteni kutoka asilimia 0.5 hadi 2 ya atomi.

Kwa miaka mitatu sasa nafanya kazi ya maabara ya kufundishia, ambako natunza pampu za ombwe na kuwaandaa wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa mazoezi ya eksirei. Mwajiri wangu amekubali kunipa ruhusa ya masomo.

Nimeambatisha nakala za vyeti, matokeo ya masomo, andiko la utafiti lenye kurasa kumi, na picha nne za difraksheni, ikiwemo ile ya dhahabu. Barua mbili za wadhamini zitaletwa moja kwa moja na wenyewe. Niko tayari kufika kwa usaili siku yoyote nitakayopangiwa, na nikiruhusiwa nitakuja na sampuli.

Wako mtiifu,

Neema J. Mushi