Msemo wa Leo: Karatasi ya Studio, Julai 2026

Kipindi cha asubuhi, Tanga. Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:58, tangazo la mwisho likishamalizika. Nafasi ni sekunde 10, kisha mlio wa saa na taarifa ya habari ya saa 1:00.

Kilicho ndani ya alama za mtajo ndicho kinachosomwa. Mengine ni ya macho yako tu. Mkwaju ( / ) ni pumzi moja, kama nusu sekunde. Usianze na "wahenga walisema": inakula sekunde nzima, na msikilizaji anajua ni wahenga. Mlio wa saa unapigwa na kompyuta na haumsubiri mtu, hivyo ukichelewa soma methali peke yake, sentensi ya pili iache. Kuikimbiza ni kubaya zaidi: mlio utakata neno la mwisho, na mara nyingi hilo ndilo lililobeba maana.

Jumatano 1
"Akiba haiozi. / Leo serikali inaanza mwaka mpya wa fedha. Nawe anza wako: tenga cha akiba kwanza, kinachobaki ndicho cha matumizi."

Alhamisi 2
"Haba na haba hujaza kibaba. / Vibaba vinne ni pishi moja, na pishi haijai kwa mkupuo. Ni konzi ya mchele juu ya konzi."
Vijana wengi wanakijua kibaba kwa methali tu. "Vibaba vinne ni pishi" usiliruke.

Ijumaa 3
"Hasira / hasara. / Dereva akikuchomekea, mpishe aende. Ukimfukuza ukavunja kioo cha pembeni, fundi hatauliza nani alianza. Atauliza nani analipa."
Irabu moja tu ndiyo inayotenganisha maneno haya mawili. Ukiimeza hiyo "i", umesema hasara mara mbili. Ndiyo maana mkwaju uko katikati ya methali.

Jumatatu 6
"Biashara asubuhi, jioni mahesabu. / Fungua ukiwa na chenji. Mteja wa kwanza mwenye noti ya elfu kumi asiondoke kwa kukosa elfu tisa."

Jumanne 7
"Mwacha asili ni mtumwa. / Leo ni Sabasaba, na ni Siku ya Kiswahili Duniani. Kabla hujaazima neno la mbali, uliza bibi yako analiitaje."
Kama kuna simu za wasikilizaji: UNESCO iliitenga siku hii mwaka 2021, na TANU iliasisiwa tarehe hiyohiyo mwaka 1954. Miaka hiyo usiibane ndani ya sekunde 10, haitoshi. Ni sikukuu, watu wanaamka kwa kuchelewa, kwa hiyo rudia saa 2:58.

Jumatano 8
"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. / Nyanya za chini ya fungu ziwe kama za juu. Mteja akikuta bovu akiwa nyumbani, kesho ataruka meza yako."

Alhamisi 9
"Mvumilivu hula mbivu. / Ndizi ulizovundika usizifunue kila saa. Joto likitoka, nusu zitaiva na nusu zitabaki ngumu, na sokoni hazitaenda pamoja."

Ijumaa 10
"Usipoziba ufa, utajenga ukuta. / Ufa wa kupitisha kidole ni karai moja la udongo. Ukingoja mvua za vuli, maji yataingia na ukuta utakaa chini."
Hii imewekwa Julai kwa makusudi: ni kiangazi, udongo unakauka vizuri, na mtu ana muda kabla ya Oktoba. Ikisomwa Novemba itakuwa kejeli.

Jumatatu 13
"Samaki mkunje angali mbichi. / Akishakuwa ng'onda atavunjika. Mtoto wa miaka mitano ataosha kikombe chake kwa furaha. Wa kumi na mitano atakuuliza kwa nini."

Jumanne 14
"Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. / Mkigawana kazi za kikundi leo, anayegawa awe wa mwisho kuchagua. Ngozi itavutika sawa pande zote."
Mwamba ni mtu anayewamba, anayevuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma. Si jiwe. Kuna mtangazaji atakayelitamka kama mwamba wa baharini, na wazee watapiga simu.

Jumatano 15
"Maji hufuata mkondo. / Bamvua limeingia: maji yatajaa kuliko kawaida na kupwa kuliko kawaida. Ngalawa ivutwe juu zaidi, kamba ya nanga iongezwe."
Mwezi ulikuwa mpya jana, na bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Anayeiacha kamba fupi, maji yakijaa nanga hunyanyuka na chombo kikaondoka chenyewe. Hii isome polepole hata ikifika sekunde 11. Waombe habari wakupe sekunde moja.

Alhamisi 16
"Ukiona vyaelea, vimeundwa. / Jahazi ni mbao, misumari, na pamba iliyopigwa kalafati kwenye kila kiungo. Pakibaki pengo la wembe, maji hayaulizi."
Ni "vyaelea", usiifanye "vinaelea". Vinavyosemwa ni vyombo vya baharini.

Ijumaa 17
"Maji ya kifuu, bahari ya chungu. / Shilingi mia mbili unayomwachia konda bila kuhesabu, kwa mwanafunzi ni andazi la saa nne."
Chungu hapa ni mdudu, yule sisimizi mweusi, wala si chombo cha kupikia. Kifuu ni fuu la nazi. Ukiwa na muda baada ya habari, hii ndiyo ya kuwauliza wasikilizaji. Nusu yao watajibu chungu cha mboga.

Jumatatu 20
"Asiyekubali kushindwa si mshindani. / Fainali ya Kombe la Dunia imekwisha. Uliyeshinda dau la soda, dai kwa upole. Uliyeshindwa, lipa leo."
Karatasi hii imeandikwa kabla ya mechi, ndiyo maana hakuna jina la timu. Usiliongeze. Matokeo ni ya msomaji wa habari dakika mbili baadaye, na waliolala mapema wana haki ya dakika hizo mbili.

Jumanne 21
"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. / Ufunguo hauonekani? Usiamshe nyumba nzima. Washa tochi ya simu, piga magoti, anza chini ya kitanda."

Jumatano 22
"Kamba hukatikia pabovu. / Bodaboda, kabla ya abiria wa kwanza: waya wa breki, mnyororo, taa ya nyuma. Uzi mmoja ukikatika, badilisha waya wote."
Waya wa breki ni nyuzi nyingi zilizosokotwa. Ukiona uzi mmoja umechomoza karibu na mkono wa breki, zilizobaki zimeshaanza kubeba mzigo usio wao, na kwa kawaida hukatika pale dereva anapozibana kwa nguvu, yaani wakati anazihitaji. Maelezo haya usiyasome, ila yajue. Vijana wa vituoni watakuuliza.

Alhamisi 23
"Fimbo ya mbali haiui nyoka. / Mfuniko ukae karibu na jiko. Mafuta yakiwaka sufuriani, zima jiko, funika. Usimwage maji, moto utaruka."
Neno "usimwage" litamkwe kwa uzito kuliko yote. Msikilizaji aliyesikia nusu, akabaki na "mwage maji", tumemwunguza sisi.

Ijumaa 24
"Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. / Kesho ni Siku ya Mashujaa. Mzee wa mtaa anawakumbuka waliochimba kisima. Kamuulize majina yao, uyaandike."

Jumatatu 27
"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. / Mwonyeshe ndoo zilipo na maji yanapotekwa. Atafurahi: kukaa bure kunachosha kuliko kulima."
Isomwe kwa tabasamu. Ikisomwa kavu, kuna mgeni mahali fulani atafunga begi.

Jumanne 28
"Manahodha wengi, chombo huenda mrama. / Kamati ya harusi, mweka hazina awe mmoja, daftari liwe moja. Wakipokea wawili, hesabu haitakaa."

Jumatano 29
"Mchagua jembe si mkulima. / Jembe butu lipige tupa. Mpini uliolegea upigie kabari. Magugu hayangoji jembe jipya."

Alhamisi 30
"Usiache mbachao kwa msala upitao. / Simu ya zamani inapiga na kupokea. Usiiuze kabla ile mpya haijamaliza wiki mkononi mwako."
Mbachao ni mkeka wako mkuukuu wa kuswalia. Msala upitao ni wa mtu mwingine, anaupitisha tu. Mwezi ulikuwa mpevu jana, bamvua limerudi. Wavuvi wakipiga simu, wasomee tena ile ya tarehe 15.

Ijumaa 31
"Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. / Mkopo wa simu: kabla ya kubonyeza kukubali, soma kiasi cha kurudisha na tarehe. Andika vyote viwili karatasini."
Mchongoma una miiba, na miiba haimsumbui anayepanda kwa pupa. Mwisho wa mwezi mshahara umechelewa kwa wengi, kwa hiyo usitaje kampuni yoyote wala usicheke.

Za akiba, kwa siku ambazo karatasi haitafaa

Kukiwa na msiba mkubwa mjini:
"Penye wengi pana Mungu. / Ukifika msibani, usiulize imekuwaje. Shika ndoo uteke maji, au panga viti."
Kukiwa na ajali barabarani, "Mwenda pole hajikwai" haisomwi asubuhi hiyo, hata kama ilipangwa. Ni kumhukumu marehemu mbele ya watoto wake. "Mwenzako akinyolewa" nayo ni hivyohivyo.

Mvua ikitanda nje ya msimu:
"Dalili ya mvua ni mawingu. / Anua nguo kabla hujatoka. Mahindi yaliyo juani yafunike turubai. Yakilowa mara moja, ukungu hauchelewi."

Umeme ukikatika usiku kucha:
"Kawia ufike. / Samaki wa kwenye friji mnuse kabla ya kumkaanga. Akiwa na harufu kali au utelezi, mtupe. Chumvi na ndimu haviponyi."

Ukijikuta umebaki na sekunde 3:
"Haraka haraka haina baraka."
Ndiyo, utaisoma kwa haraka. Wasikilizaji wanaipenda kwa sababu hiyo.