Kwa Nini Hufanani na Ndugu Yako
(Mazungumzo na wanafunzi wa Kidato cha Nne, kipindi cha Baiolojia, Tanga)

Hamjambo wanangu? Mwalimu, asante kwa kunipa kipindi chako.

Nilipokuwa na umri wenu, jirani yetu mmoja alikuwa na mazoea ya kumuuliza mama, mimi nikiwa papo hapo nimeshika ndoo: "Huyu umemwokota wapi?" Wadogo zangu wote ni weupe, warefu, pua zimechongoka kama za baba. Mimi mweusi, mfupi, na meno yangu haya yenye mwanya hakuna mwingine nyumbani aliyekuwa nayo. Mama alicheka tu. Mimi sikucheka, nililia usiku. Leo nafanya kazi maabara ya hospitali, na jibu ambalo mama hakuwa nalo ninalo.

Naomba wanafunzi 23 wasimame. Safu hizi mbili za mbele, na wewe wa dirishani. Kila mmoja achukue sarafu moja ya shilingi 200 hapa kwenye bakuli. Kwa nini 23? Kila seli ya mwili wako ina kromosomu 46, nazo ziko katika jozi 23. Katika kila jozi moja umepewa na mama, nyingine na baba. Sasa tumchukue mama yako. Na yeye katika kila jozi ana moja ya mama yake, yaani bibi yako, na moja ya baba yake, yaani babu yako. Anapotengeneza yai hawezi kuweka zote mbili. Lazima aweke moja tu kutoka kila jozi.

Upande wa simba ni kromosomu ya bibi. Upande wa Mzee Karume ni ya babu. Haya, rusheni wote kwa pamoja!

Simba 11, Karume 12. Hilo ni yai moja, na tuseme ndilo lililokuzaa wewe. Rusheni tena. Simba 9, Karume 14. Huyo ni dada yako. Wewe hapo mwisho, mara ya kwanza ulipata simba, sasa Karume, eti? Basi kwenye jozi yako mtoto wa kwanza kachukua ya bibi, wa pili kachukua ya babu, ingawa mama ni yule yule.

Ona jambo moja. Sarafu ya huyu haikumsubiri mwenzake kuona imeangukaje. Ndivyo inavyokuwa katika meiosisi ya kwanza: jozi zinajipanga katikati ya seli, na kila jozi inaamua peke yake ya bibi itaelekea upande upi na ya babu upande upi. Daftari zenu zina jina lake la Kiingereza. Mimi nauita mtawanyiko huru. Matokeo yanayowezekana ni mbili 23 zikizidishwa pamoja, yaani 8,388,608. Hayo ni mayai ya mama peke yake. Mbegu za baba nazo zina idadi hiyo hiyo. Ukizidisha unapata zaidi ya trilioni 70.

Nitoe mfano wa kazini. Jeni ya makundi ya damu A, B na O iko kwenye kromosomu ya 9. Jeni ya himoglobini, ile ambayo aleli yake moja huleta selimundu, iko kwenye kromosomu ya 11. Kwa hiyo mzazi mwenye kundi A aliyebeba aleli ya O kwa siri, na ambaye pia ni AS, yaani ana aleli moja ya kawaida na moja ya selimundu, anaweza kutoa gameti za aina nne: A na himoglobini ya kawaida, A na selimundu, O na ya kawaida, O na selimundu. Kundi la damu halivuti selimundu, wala selimundu haivuti kundi.

Alikuja baba mmoja maabara ameshika kadi tatu. Yeye A, mkewe B, mtoto O. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nilichukua karatasi nikamchorea: wewe ni A na O, mkeo B na O, wewe ukitoa O na yeye akatoa O, mtoto ni O. Wazazi kama hawa wanaweza kupata watoto wa makundi yote manne. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniomba aondoke nayo.

Haya, kaeni. Sarafu zirudi kwenye bakuli, nazihesabu.

Sasa shikeni nyuzi hizi za sufu. Nyekundu ni kromosomu ya 11 ya bibi, ya bluu ni ya babu. Kama sarafu zingekuwa ndiyo habari yote, ungepokea uzi mwekundu mzima au wa bluu mzima. Lakini kabla jozi hazijajipanga katikati, kromosomu mbili za jozi hulala sambamba, zimebanana kabisa, jeni kwa jeni. Kila moja imeshajinakili, kwa hiyo nyuzi ni nne. Uzi mmoja wa bibi na mmoja wa babu hukatika mahali pamoja, na vipande vinaungwa kwa kubadilishana. Mahali hapo panaitwa kiasma. Nakata hapa, nafunga nyekundu kwenye bluu. Tazameni! Uzi huu haukuwahi kuwepo kwa bibi wala kwa babu. Umezaliwa sasa hivi.

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nivumilieni. Jeni ya himoglobini na jeni ya insulini ziko jirani sana kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 11. Mkasi kupita katikati yake ni nadra, hivyo husafiri pamoja karibu kila mara. Lakini kwenye mkono mrefu wa kromosomu hiyo hiyo kuna jeni ya kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa melanini. Hiyo iko mbali na himoglobini, na mara nyingi hutenganishwa. Mwaka 1913 Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Thomas Hunt Morgan, alitumia wazo hilo hilo kwa nzi wa matunda: kadiri jeni mbili zinavyotenganishwa mara nyingi, ndivyo zilivyo mbali. Akachora ramani ya kwanza ya jeni kwenye kromosomu.

Na hili mkawaulize bibi zenu kwa heshima. Kwa mwanamke, kubadilishana huku hufanyika akiwa bado hajazaliwa. Yai lililokuzaa wewe lilikatwa na kuungwa mama yako akiwa tumboni mwa bibi, kisha likasimama hapo miaka na miaka hadi zamu yake ikafika. Kwa mwanamume kazi hii huanza anapobalehe na haikomi.

Ndiyo, binti, uliza. Mapacha? Mapacha wa kufanana walitoka kwenye yai moja na mbegu moja, sarafu zilirushwa mara moja tu kwa wote wawili. Mapacha wasiofanana ni kama wewe na kaka yako, ila walikaa tumboni pamoja.

Na swali la nyuma? Unashiriki nusu kamili ya jeni zako na kaka yako? Hapana, nusu ni wastani. Utafiti wa mwaka 2006 uliopima jozi za ndugu zaidi ya 4,000 ulikuta wengine wanashirikiana asilimia 37 hivi, wengine hadi 62. Rangi ya ngozi na urefu vinaendeshwa na jeni nyingi zilizotawanyika kwenye kromosomu nyingi, kwa hiyo weusi wangu ulitoka kwa babu na bibi zangu vipande vipande, kwa mkasi huu na sarafu hizi.

Mwanya huu nao niliukuta baadaye, kwenye picha ya zamani ya mama mzaa baba.