Eneo la utafiti, rasimu ya pili: nilichokata, nilichohamisha na kilichokosekana

Mdogo wangu,

Nimemaliza sehemu ya eneo la utafiti katika makala yetu kuhusu mbegu za mkoko zisizoshika mizizi kwenye mapengo ya msitu wa Gazi. Usishtuke ukiona kalamu nyekundu imejaa ukurasa mzima. Sehemu nyingine za makala sijazigusa kiasi hicho. Naweka kwanza maandishi yako, kisha yangu, halafu nikueleze nilivyoamua, maana kuna mahali nadhani utabisha na pengine utakuwa na haki.

Ulichoandika:

"Kenya ni nchi ya Afrika Mashariki yenye kaunti 47, nayo inapakana na Bahari ya Hindi upande wa kusini-mashariki. Utafiti huu ulifanyika katika Ghuba ya Gazi (4°25′ Kusini, 39°50′ Mashariki), Kaunti ya Kwale, ambayo kwa sensa ya 2019 ilikuwa na wakazi 866,820. Kijiji cha Gazi kina historia ndefu. Ndipo yalipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Si mbali na hapo ipo Hifadhi ya Shimba Hills, maarufu kwa tembo na palahala. Hali ya hewa ni ya joto na unyevunyevu, yenye masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, pamoja na pepo za kaskazi na kusi. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, humwaga maji ghubani. Ghuba ina nyasi za bahari, matumbawe na samaki wa aina nyingi. Kenya ina spishi tisa za mikoko, na nyingi kati yake zinapatikana Gazi. Mikoko ni mazalia ya samaki, huhifadhi kaboni na huzuia mmomonyoko wa pwani. Wakazi wengi ni wavuvi na wakulima. Tangu 2013 jamii inaendesha mradi wa kaboni uitwao Mikoko Pamoja. Zamani mikoko ilikatwa sana, na sehemu nyingine hazijaota tena."

Nilivyoandika upya:

"Utafiti ulifanyika upande wa kaskazini-magharibi wa Ghuba ya Gazi, pwani ya kusini ya Kenya (4°25′ Kusini, 39°30′ Mashariki, Mchoro 1). Ghuba imekingwa na mwamba wa matumbawe na Rasi ya Chale, hivyo mawimbi makubwa ya bahari kuu hayaufikii msitu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4.

"Tulichagua mapengo manne yaliyobaki wazi tangu mikoko ilipokatwa kwa wingi katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Mapengo hayo hayamo katika maeneo yaliyopandwa miche kuanzia 1991, wala katika yale yanayopandwa na mradi wa jamii ulioanza 2013. Upande wa bahari yanapakana na mkoko (*Rhizophora mucronata*), na upande wa nchi kavu na mkandaa (*Ceriops tagal*). Mkoko wa karibu wenye kuzaa uko mita 6 hadi 41 kutoka katikati ya kila pengo. Mapengo A na B yana udongo wa tope na hufikiwa na maji mara 20 hadi 45 kwa mwezi (daraja la 3 la Watson, 1928). C na D yana mchanganyiko wa tope na mchanga, na hufikiwa mara 2 hadi 20 (daraja la 4).

"Maji matamu huingia upande huu kupitia Mto Kidogoweni, ambao mtiririko wake hutegemea msimu. Masika huwa Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Chumvi ya maji ya udongoni ilipimwa mwishoni mwa kiangazi na mwishoni mwa masika (Jedwali 1)."

Sasa maelezo.

Kabla ya kugusa sentensi yako hata moja nilisoma matokeo na mjadala, nikaandika pembeni kila mahali unaposema "kwa sababu". Swali letu ni moja: kwa nini mbegu za mkoko, ambazo huanguka zikiwa zimekwisha kuchipua mtini, hazishiki mizizi katika mapengo haya wakati mikoko iliyokomaa inasimama hatua chache tu kando yake? Majibu tunayoyapima ni manne. Maji yafika mara ngapi, chumvi ni kiasi gani, mbegu zinatoka umbali gani, na kaa wanazila ngapi. Nikarudi kwenye eneo la utafiti na kuuliza kila sentensi: kati ya haya manne, wewe unamsaidia nani? Sheikh Mbaruk alinyamaza. Palahala vilevile. Wote wana heshima yao, ila hakuna mche wetu hata mmoja uliokufa kwa ajili yao.

Sensa, kaunti 47 na shughuli za wakazi zimeondoka kwa njia hiyohiyo. Ingekuwa makala juu ya nani anakata miti na kwa nini, idadi ya watu na riziki yao vingekuwa uti wa mgongo wa sehemu hii, na daraja la Watson ndilo lingeonekana pambo. Usiyachukulie kuwa maelezo mabaya. Yaweke, yatakufaa katika makala ile nyingine uliyonieleza. Faida za mikoko nimezihamishia aya ya kwanza ya utangulizi. Zinaeleza kwa nini tunajishughulisha, hazielezi mahali.

Mto Mkurumudzi ulinisumbua kidogo. Kwa macho ya haraka unahusika, kwani chumvi ni kiini cha kazi yetu, na mto ni maji matamu. Lakini humwaga upande wa kusini-magharibi, na viwanja vyetu vyote viko upande wa Kidogoweni. Mhakiki akisoma mito miwili atauliza vipimo vya mto wa pili viko wapi, nasi hatunavyo kwa sababu hatukuvihitaji. Nimeutoa katika maandishi. Katika ramani utabaki, maana ramani isiyo na mto huo itakuwa ya uongo.

Kaskazi na kusi nimezitoa kwa shingo upande. Upepo huelekeza mbegu zinazoelea, kila mvuvi anajua. Ila hatukupima mbegu zinakoelekea, na mjadala hauutaji upepo hata mara moja. Ukitaka kuurudisha, anzia kwenye mjadala: andika sentensi inayouhitaji, nami nitaurudisha huku bila ubishi. Joto la hewa ni hadithi hiyohiyo. Kinachoweza kuua mche katika pengo lisilo na kivuli ni joto la tope lenyewe, nasi hatukuwa na kipimo chake.

Mikoko Pamoja niliifuta, nikaenda kulala, asubuhi nikairudisha nusu. Nilikuwa nimeihesabu kama sifa za kijiji. Kumbe msomaji makini atauliza papo hapo: mna hakika mche mliouhesabu ulijiotea, haukupandwa na mtu? Katika ghuba ambayo watu wamepanda miche kwa zaidi ya miaka 30, swali hilo linaweza kuiangusha makala nzima. Kwa hiyo mradi umebaki kwa kazi moja tu, kuthibitisha kwamba mapengo yetu hayakupandwa. Mauzo ya kaboni hayatuhusu hapa.

Jambo lililonishangaza zaidi ni yale ambayo hayakuwapo kabisa. Ulikuwa na palahala lakini hukuwa na bamvua. Hukusema maji hufika mara ngapi, udongo ni wa namna gani, miti inayozunguka pengo ni ipi, wala mti mzazi uko umbali gani. Vyote vimo katika daftari lako la uwandani, nami nimevichota humo. Ukataji, ambao ndio uliozaa mapengo, ulikuwa umebanwa katika sentensi ya mwisho, bila muongo wala sababu. Pengo lililokaa wazi tangu miaka ya 1970 ni tofauti kabisa na lililokatwa juzi: visiki vingi vimeoza, tope limeshuka, na huwezi kusema "bado mapema".

Kaa sijawaweka, ingawa ni sehemu ya swali. Idadi ya mashimo yao uliihesabu wewe, basi ni matokeo. Tukiitaja huku tutakuwa tumempa msomaji jibu kabla ya kumweleza tulivyolipata.

Mambo mawili madogo. Longitudo yako, 39°50′, inatuweka baharini. Gazi iko karibu na 39.5°, yaani 39°30′. Nusu ya digrii ni dakika 30, na nadhani mtu fulani aliigeuza vibaya nasi tukanakili. Nimeiona katika maandishi ya watu wengine pia, kwa hiyo usijilaumu sana, lakini hakikisha safu ya longitudo katika jedwali la viwanja haina kosa hilohilo.

La pili ni neno lenyewe "mkoko". Katika lugha yetu linabeba miti yote ya msituni humo, na pia linabeba spishi moja, nawe umelitumia kwa maana zote mbili ndani ya makala moja. Nimeacha "mikoko" kwa msitu mzima, na "mkoko" umoja kwa *Rhizophora mucronata* peke yake. Pitia matokeo uone kama kuna mahali nimeharibu hesabu ya umoja na wingi. Katika kielelezo cha tatu nina wasiwasi.

Vibali na shukrani kwa wazee wa kijiji vimekwenda mwisho wa makala, mahali pake.

Limebaki pengo D. Katika daftari umeandika kwamba mwinuko wake ulipimwa siku moja tu, tena wakati wa maji mafu, na nimeliweka daraja la 4 kwa kuamini kipimo hicho. Alama ya maji uliyoichora kwenye kisiki inanionyesha kwamba huenda hufikiwa mara nyingi zaidi. Bamvua lijalo nenda na kijiti chenye vipimo, keti hapo mpaka maji yageuke, kisha uniletee namba. Ikiwa D ni daraja la 3, aya ya pili itabadilika, na kielelezo cha tatu nacho.

Dada yako